Leo Umepata Nane

Ujumbe ulikuja Ijumaa asubuhi, nikiwa na mikono miwili ndani ya unga. Simu ilikuwa juu ya kopo la sukari. Mdogo wangu wa kike, ambaye shule yao ilikuwa imefungwa na alikuwa akinisaidia kukaanga, aliichukua akanisomea kwa sauti.

"Leo umepata 8. Jumla 184. Si wewe? Fika dukani."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nikamwambia haiwezekani. Sikuwa nimekwenda dukani. Mimi nilinunua Jumatatu, na pointi zangu za Jumatatu zilishaingia siku ileile, kabla hata sijafika kibandani na mfuko wa unga.

"Labda wamekupenda," mdogo wangu alisema, akigeuza maandazi.

Sikucheka. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na kitu nilichojua vizuri kuliko vyote ni kwamba hakuna mtu anayekupenda bure Nyakanazi.

Tulitoka Nyamiaga, kule Ngara, baada ya mama kumfuata baba kaburini. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule nikiwa darasa la sita. Shamba la baba lilibaki mikononi mwa ndugu zake, nasi tukabaki na sufuria, godoro moja na mtoto wa mwisho ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Nilichagua Nyakanazi kwa sababu ya malori. Dereva aliyeendesha kutoka mpakani usiku kucha hana haja ya kujua wewe ni binti wa nani. Anataka chai. Nilijenga kibanda cha mabanzi karibu na stendi, na fundi mmoja akaniandikia kwenye kibao kwa rangi nyekundu: CHAI, MANDAZI, ODA PIGA, kisha namba yangu ya simu, tarakimu kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa upande wa pili wa barabara.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipoanza kuja tena. Wazee wa kwetu Ngara walikuwa wakisema wamechoka kuhesabu mara ngapi, maana wao walikuwa na kumbukumbu ya Benaco, ile kambi kubwa ya wakimbizi, na mimi mwenyewe nilizaliwa wakati ule. Mabasi yaliwachukua kutoka mpakani yakipita pale kwetu kuelekea kambi za Kibondo, na mengine yalisimama kujaza mafuta. Watu walitazama nje kupitia vioo bila kusema kitu. Baadaye wengine walianza kurudi kwa miguu, bila kibali, kutafuta kibarua mashambani. Mwenyekiti wetu wa kitongoji aliitisha mkutano akasema wazi: atakayekutwa anahifadhi mgeni bila kutoa taarifa, atakwenda na mgeni wake.

Kwa hiyo nilipopata pointi nane ambazo sikuzinunua, sikuona zawadi. Niliona mtu anayetumia namba yangu mahali fulani kwa shughuli nisiyoijua.

Niseme kidogo kuhusu pointi zenyewe. Duka la jumla la pale njia panda lilikuwa limeleta kompyuta. Ukilipa, keshia anakuuliza namba ya simu, anaiandika, na kila shilingi elfu kumi inakupa pointi moja. Hapohapo kompyuta inatuma ujumbe yenyewe. Mwanzoni ujumbe ulikuwa mrefu kama risala. Ulikusalimu, ukakushukuru, ukakutangazia saruji mpya, ukakutakia baraka, na pointi zako zilikuwa mwisho kabisa. Kwenye simu yangu ndogo uliingia vipande viwili, mara nyingine cha mwisho kikitangulia. Baadaye ukafupishwa. Keshia, kijana mwembamba aliyependa kueleza mambo, aliniambia kampuni ya simu inahesabu herufi. Zikizidi kiasi, ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili, na bosi alipoona bili alifuta salamu zote. Ndipo tukabaki na ule mfupi: za leo, jumla, na onyo. Mimi niliupenda zaidi. Niliweza kuusoma kwa kutupa jicho tu, mkono mmoja ukiwa kwenye mafuta.

Zawadi zilibandikwa ukutani dukani. Pointi mia moja, blanketi. Pointi mia nne, godoro la futi tatu. Mdogo wangu alikuwa darasa la saba. Nilikuwa na hakika atafaulu, na sekondari aliyotarajiwa kupelekwa ilikuwa mbali, watoto hulala hosteli, na hosteli haimpokei mtoto asiye na godoro lake. Godoro letu tulililalia watatu, mimi, yeye na yule wa mwisho. Nilikuwa nikikusanya pointi za lile godoro tangu kompyuta ilipofika.

Nikaanza na mtu wa karibu.

"Umeanza biashara?" nilimuuliza mdogo wangu jioni ile.

"Biashara gani?"

"Unanunua vitu kwa namba yangu. Pesa unapata wapi?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama amezaa. "Dada, mimi nikipata elfu themanini nitakuwa hapa nakaanga mandazi? Si ningekuwa Mwanza!"

"Usinijibu hivyo."

"Basi nimeiba. Nimeiba nikaenda kununua chumvi."

Ijumaa iliyofuata ujumbe ukaja tena, saa ileile. Leo umepata 7. Nikavua aproni nikaenda dukani.

Keshia aliponiona alianza utani wake wa kawaida. "Dada mandazi! Leo umeleta ya moto?"

"Nimeleta swali. Nani amenunua kwa namba yangu leo?"

Akatazama kwenye kompyuta. "Si wewe?"

"Mimi nimesimama hapa mikono mitupu."

"Humu inaonyesha namba, muda na kiasi. Haionyeshi sura." Alitabasamu. "Lakini zinaingia, hazitoki. Mtu akilalamika kwangu huwa ni kwamba zimepungua. Wewe wa kwanza kulalamika zimeongezeka."

Tabasamu lile ndilo lililonitia shaka naye. Nilirudi nikiwaza kwamba yeye ndiye anayeandika namba yangu kwenye manunuzi ya watu wasio na simu, ili zikijaa aje aseme tugawane, au aje aseme jambo lingine. Nilikumbuka namna alivyonifungia unga na kuongeza kamba mbili. Nikaanza kununua bila kumwangalia.

Ziliendelea kuja. Kila Ijumaa, saba, nane, mara moja tisa. Na hapo nikaona jambo jingine ambalo lilinisumbua zaidi: nilianza kuzihesabu. Nilikuwa nikijua zipi zangu na zipi si zangu, kwa sababu zangu zilikuwa za Jumatatu, lakini ujumbe ulijumlisha zote pamoja na haukujua tofauti. Kwa pamoja zilikuwa zinakwenda kwenye godoro upesi kuliko mimi peke yangu.

Ijumaa moja mwezi wa tisa nilimwachia jirani kibanda, nikaenda kukaa kwenye benchi la wapakiaji nje ya duka. Wapakiaji waliniuliza kama nimeachika. Nikawaambia namsubiri mdeni wangu. Wakacheka, mmoja akasema nikimkosa huyo, yeye yupo.

Saa nne akaingia mama mmoja, mtu mzima, kitenge kimefungwa juu kifuani, na kikapu kichwani. Aliagiza kwa maneno machache: sembe, maharage, chumvi, sabuni za mche, mafuta. Vitu vya watu wengi. Akalipa kwa noti zilizokunjwa ndogondogo. Keshia akauliza, "Namba ya simu, mama?" Yule mama akanyoosha mgongo, akatazama ukuta mbele yake, na akaitaja namba yangu yote, tarakimu moja moja, bila kukosea, kama mtoto anayeimba jedwali la kuzidisha mbele ya mwalimu.

Simu ikalia mfukoni mwangu.

Nilimfuata hadi nyuma ya stendi. Nikamsalimu, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba," kwa lafudhi ya ng'ambo ya mpaka, lakini miguu yake haikusimama. Nikabadilisha, nikasema naye Kihangaza, lugha ya kwetu. Hapo akasimama, maana Kihangaza na Kirundi watu husikilizana bila mkalimani, na alishajua kwamba nimemtambua.

"Namba uliyoitaja dukani ni yangu," nilimwambia.

Alishusha kikapu chini polepole. "Sina nia mbaya. Chukua sabuni."

"Sitaki sabuni. Nani alikupa namba yangu?"

"Imeandikwa barabarani. Kwenye chai."

Ilichukua muda hadi nikaelewa. Kambini, alisema, hupati unga bila namba. Unapanga foleni na kadi ya mgao, unataja namba yako, wanatazama, wanakupimia. Namba isipokuwepo, unarudi na mfuko mtupu. Alipotoka kambini bila kibali akaja kufanya kibarua, wenzake wakamtuma dukani kwa sababu yeye ana moyo. Keshia alipomuuliza namba, akajua ni kama kule. Ya kadi yake hakuthubutu kuitaja, wangejua ametoroka. Siku ile alisema amesahau fedha, akatoka nje, akaangalia huku na huku akiitafuta namba, akaona kibao changu. Akaikariri akiwa amesimama pale upande wa pili, kisha akarudi ndani.

"Na ikakubali," alisema. "Nikajua ni namba nzuri."

"Mama, pale ungeweza kununua bila namba yoyote."

"Hivi?"

"Ndiyo. Ni ya zawadi tu. Ukinunua wanakupa pointi."

"Pointi zangu ziko wapi?"

Nikamwonyesha simu. Kusoma Kiswahili hakuweza vizuri, lakini tarakimu alizijua kuliko mimi. Aliweka ukucha chini ya nane. "Hii ya leo." Akausogeza. "Hii yote." Kisha akaniangalia usoni, na ile hofu yake ikawa imeondoka, mahali pake pakiwa na kitu kingine ambacho nilikitambua mara moja kwa sababu na mimi nilikuwa nacho. "Tangu lini zinakuja kwako?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Na umekuja leo."

Nilimweleza kuhusu godoro. Nilimweleza kuhusu mdogo wangu na hosteli. Alisikiliza akiwa ameweka mkono juu ya kikapu.

"Una wazazi?"

"Hapana."

"Mm." Haikuwa pole. Ilikuwa sauti ya mtu anayepima. "Blanketi ni ngapi?"

"Mia moja."

"Zangu zimefika mia?"

Nilizijumlisha mbele yake kwa kurudi nyuma kwenye zile jumbe, Ijumaa moja baada ya nyingine. Zilifika na kuzidi kidogo.

"Basi blanketi kwanza. Kule shambani tunalala chini na mvua imeanza. Godoro la mtoto baadaye."

Ukikata mia moja, godoro linarudi mbali. Zingebaki mia mbili na kidogo, na shule zinafunguliwa Januari. Nilipiga hesabu ya Jumatatu zilizobaki, nikaona hazitoshi hata zikiwa na Ijumaa zake juu. Ningeweza kumwambia maneno mengi. Namba ni yangu, simu ni yangu, na ukitaka zawadi kompyuta inatuma tarakimu za siri kwenye simu ileile, usipomsomea keshia, pointi hazitoki. Bila mimi asingepata hata uzi. Naye alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa akinitazama vile.

Tukarudi dukani. Keshia akabonyeza, simu ikalia, nikampa mama aishike yeye. Alizisoma tarakimu za siri kwa sauti ileile ya kuimba. Alipopewa blanketi alilikunjua lote pale kaunta, akaliinua kwenye mwanga wa mlango kuangalia kama lina tundu, akalinusa.

"Huyu mama ni nani wako?" keshia aliniuliza.

"Mteja wako," nikamjibu.

Ujumbe ulisema: Umetumia 100. Jumla 212. Nilirudi kibandani nikamwambia mdogo wangu kilichotokea. Nilitegemea atalia. Akasema, "Kwa hiyo nitalala sakafuni kwa sababu ya tarakimu zako nyekundu," kisha akaenda kuchota maji.

Ijumaa iliyofuata nilikaa na simu mapajani. Niliamini hatataja tena namba yangu. Alishapata blanketi, na alishajua haihitajiki. Saa nne ikapita. Saa tano. Mtandao ulikuwa mbaya siku ile, malori mawili ya mafundi wa mnara wa simu yalikuwa yamepita asubuhi. Saa nane mchana ikaja: Leo umepata 9.

Alasiri akaja mwenyewe kibandani kwa mara ya kwanza. Akakataa chai. "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akaweka ukucha kwenye tisa, akalinganisha na risiti aliyokuwa ameikunja kwenye pindo la kitenge, akaridhika. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akinikagua namna ile tangu mwalimu wa hesabu.

"Unadhani nitaziiba?" nilimuuliza.

"Na wewe si ulikaa kwenye benchi kunivizia?"

Ijumaa nyingine, simu ililia mara mbili. Umepata 8. Umepata 5. Nyingine, mara tatu. Jumanne ikaingia 6 ambayo si yangu wala si siku yake. Nilijua amegawa namba yangu. Alipokuja nikamvuta nyuma ya kibanda.

"Umewapa watu namba yangu?"

"Vibarua wa shamba la juu. Na wa kule kwenye mihogo. Nimewaambia wakiulizwa wataje ya chai."

"Mama! Wakikamatwa wakiwa na risiti zenye namba yangu, nani ataitwa?"

"Risiti nawaambia wanipe mimi. Nachoma." Akaongeza kwa hasira kidogo, "Ulisema mtoto anahitaji mia nne. Ulidhani mimi peke yangu nitakula sembe yote hiyo?"

Nilimwangalia kama kuna kitu anachokitaka nyuma ya maneno yale, nikatafuta kwa bidii, kwa sababu huo ndio ulikuwa mtindo wangu wa kumpokea mtu. Alikuwa anasubiri nimwonyeshe simu.

Matokeo yalitoka, mdogo wangu alifaulu, na shule ikawa ileile tuliyoitarajia. Desemba msako ulipita mara moja. Mgambo na askari waliingia mashambani, na wiki nzima simu yangu ilileta za kwangu tu. Nilikuwa nikiamka na kuitazama kabla sijawasha jiko. Sijui kama nilikuwa nikiwaza godoro au nilikuwa nikimwaza yule mama. Nilijiuliza hilo wakati ule na nikashindwa kutenganisha. Ijumaa ya pili ikaja: Leo umepata 4. Kidogo, sembe ya watu wawili. Lakini ilikuwa imekuja.

Tulikwenda dukani pamoja wiki ya kufungua shule, mimi, mdogo wangu na yeye. Keshia aliangalia kompyuta kisha akatuangalia.

"Bosi ameuliza kuhusu namba hii. Anasema mama mandazi mmoja anawezaje kununua mara tatu kwa siku, tena sabuni za mche?"

Yule mama alishika ukingo wa kaunta. Nilimwona akipima umbali wa mlango.

"Kwenye ukuta mmeandika ukinunua utaje namba," nikasema. "Vilinunuliwa au havikununuliwa?"

"Vilinunuliwa."

"Vililipiwa?"

"Dada, mimi nauliza tu…"

"Basi mwambie bosi wako kuna watu wanapenda chai yangu."

Mpakiaji mmoja mlangoni akapasuka kwa kicheko. Keshia naye akashindwa kujizuia, akabonyeza. Tarakimu za siri zikaja, na safari hii mdogo wangu ndiye aliyezisoma. Godoro lilitoka stoo likiwa kwenye nailoni yake, jembamba, la bluu, na likaegemezwa ukutani. Mdogo wangu akalishika kwa vidole viwili kana kwamba litamuunguza.

Simu ikalia tena. Yule mama aliwahi kuinyooshea mkono kabla yangu. Aliutazama ujumbe kwa makini, akaweka ukucha chini ya mia nne, akausogeza.

"Umetumia hizi," alisema. "Zimebaki tatu."

"Ndiyo."

"Hizi tatu ni za nani?"

Nilipiga hesabu kichwani, za Jumatatu, za Ijumaa, za vibarua wa mihogo, nikapotea katikati.

"Sijui," nikasema.

"Na mimi sijui," alisema, akanirudishia simu, akaenda kwenye kaunta kuagiza chumvi.